CBR ni 5.75, mkopo wangu ni 17. Tunajuaje kama BoT imebana au imelegeza?

#1 Mama Nondo
Wakuu habari za jioni. Mi nina hadwea hapa Njiro, nauza nondo, saruji na mabati. Mkopo wangu wa kuongeza stoku nimechukua kwa asilimia 17. Julai 2025 nilisikia Benki Kuu, BoT, imeshusha ile riba yao, CBR, kutoka 6 hadi 5.75 nikafurahi, rejesho langu halikusogea hata shilingi. Sio hilo lakini lililonileta. Jumapili baada ya ibada jamaa mmoja wa benki akasema kwa 5.75 sera imelegea, mwingine, mhasibu, akasema hapana, bado inabana. Wote wamesoma na wote wanaangalia namba moja. Ninachotaka kujua, 5.75 ni ndogo au kubwa ukilinganisha na NINI?

#2 Kijana wa Kijenge
Mama hiyo rahisi, riba ikiwa juu pesa imebanwa, ikiwa chini pesa imeachiwa. Kenya 2025 walikuwa 9 na ushee sisi 5.75, kwahiyo sisi tumelegeza kuliko wao. Uturuki 2024 walifika 50, wale ndo walibana kuliko wote. Uzi ufungwe.

#3 Dereva wa Namanga
Kijana unafunga uzi hata chai haijachemka 😄 Mi napakia mzigo kwenda Nairobi kila wiki. Mwaka 2024 mwishoni CBK, Benki Kuu ya Kenya, walikuwa WANASHUSHA riba, na wateja wangu wa upande ule ndo walikuwa wanalia kuliko wakati wowote, mikopo hakuna, oda zinapungua. Sasa kama kushusha ni kulegeza mbona walilia?

#4 Mchambuzi wa Shanty
Dereva kagusa penyewe, nitarudi kwa Kenya maana ile ni kesi nzuri.

Kwanza Uturuki. Machi 2024 riba yao ilifika 50 kweli, lakini mwezi huohuo mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa kama 68, na Mei ukapanda hadi 75. Aliyekopa kwa 50 akanunua bidhaa akaiweka stoo, bidhaa ilipanda kuliko deni. Kwa hesabu hiyo riba yake halisi ilikuwa hasi. Kwahiyo namba peke yake haisemi kitu, lazima utoe mfumuko, tena sio wa mwaka uliopita, ni ule ambao watu wanautegemea mbele. Hapo ndo ugumu unaanza, kwa sababu Waturuki wengine walitegemea mfumuko utashuka haraka, na kwa mtu wa hivyo 50 ilikuwa inauma kweli.

Ukishapata riba halisi bado hujamaliza. Msweden mmoja, Knut Wicksell, mwaka 1898 aliandika kwamba kuna riba ambayo uchumi wenyewe ungeikubali bila bei kukimbia wala kuporomoka, inatokana na faida ya mitaji na tabia ya watu kuweka akiba. Ndo tunaiita riba asilia, kwenye vitabu inaandikwa r*. Benki Kuu ikiweka riba halisi chini ya hiyo, watu wanakopa sana na bei zinapanda. Ikiweka juu, kinyume chake. Kwahiyo jibu la swali la Mama Nondo, 5.75 inalinganishwa na r* ukijumlisha mfumuko unaotegemewa. Shida ni kwamba r* haipo kwenye tangazo lolote, hakuna soko inapouzwa.

#5 Mzee wa Kibosho
Asanteni vijana. Hiyo riba asilia inatolewa na benki gani? Maana sisi wa kahawa tuliambiwa 2021 kwamba mikopo ya kilimo isizidi asilimia 10. Nilienda dirishani nikazungushwa mpaka msimu ukapita. Kama hiyo ya asili ni nafuu zaidi naomba utaratibu.

#6 Afisa Mikopo
Shikamoo mzee. Riba asilia haitolewi dirishani, ni makadirio tu ya wachumi. Ile ya 2021 ni kitu kingine, BoT ilitenga mkopo maalum wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki kwa riba ya 3 ili wakopeshe sekta binafsi isiyozidi 10, na benki iliyokopesha kilimo kwa 10 ikapunguziwa amana ya lazima inayoweka BoT. Kwahiyo dirisha la 10 lilikuwepo ila lilitegemea benki yako iliingia au haikuingia, na dhamana yako ikoje.

Mama Nondo sasa. Mi niko upande wa mikopo, nakuambia 17 yako imejengwaje. Benki inatafuta amana, amana za muda maalum zinalipwa riba nzuri tu, juu yake kuna gharama za matawi, kuna wasiolipa, na kuna serikali. Bondi ya miaka 20 mwaka 2024 ilikuwa ikilipa kuponi ya 15 hivi, sasa kama serikali inanipa 15 bila mimi kumfuata mtu Njiro kukagua stoo, wewe nikupe 12 kwa sababu gani? CBR iko mbali sana na mkopo wako. CBR inagusa riba ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa siku saba, basi. Kutoka hapo mpaka kwako kuna milima.

#7 Mwalimu Mstaafu
Mimi ninayo bondi ile ya zamani ya 15.49, nalipwa kila miezi sita na siwezi kulalamika. Ila hapa napata hoja. Kama serikali isiyofilisika kwa shilingi yake inalipa 15 na mfumuko ni 3 na kidogo, riba halisi ya soko ni karibu 12. Hiyo si ndo riba asilia yenyewe, imeonekana sokoni mchana kweupe? Basi BoT kwa 5.75 imelegeza mno, iko pointi kumi chini.

#8 Mchambuzi wa Shanty
Mwalimu heshima yako. Hoja nzuri ila kuna vitu viwili vimeingia humo. Kuponi ya miaka 20 ina malipo ya kufunga hela miaka 20 bila kujua 2040 itakuwaje, na ina uzito wa serikali kukopa sana kwenye soko dogo ambalo wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya pensheni. r* inayolinganishwa na CBR ni ya muda mfupi. Na kama kweli BoT ingekuwa pointi kumi chini ya riba asilia kwa miaka yote hii, mfumuko usingekaa 3. Ungekuwa umeshapaa zamani.

Afisa kasema kitu ambacho watu wengi wanaruka. Tangu Januari 2024 BoT ilipohama kutoka kuhesabu wingi wa pesa kwenda kutumia riba (walianza na 5.5, Aprili wakapandisha 6), CBR ina uwanja wa pointi 2 juu na 2 chini. Kwa 5.75 maana yake mabenki yanaweza kukopeshana kwa 3.75 hadi 7.75 na bado BoT iko ndani ya ahadi yake. Benki zikikopeshana karibu na 7.7 na zikikopeshana karibu na 4, ni sera mbili tofauti kabisa zenye jina moja. Kabla ya kubishana 5.75 ni ndogo au kubwa, fungua taarifa ya kila mwezi ya BoT uone soko lenyewe limekaa wapi ndani ya huo uwanja. Ikiwa imeganda juu karibu na paa, mi nahesabu na hiyo, CBR naiacha pembeni.

#9 Kijana wa Kijenge
Sawa mkuu, lakini mbona bado hujajibu Kenya?

#10 Mchambuzi wa Shanty
Haya. Februari 2024 CBK ilipandisha riba yake kutoka 12.5 hadi 13. Mfumuko wa Kenya mwezi ule ulikuwa 6.3. Toa, unabaki na 6.7. Agosti wakashusha 12.75, Oktoba wakashusha tena ikawa 12, magazeti yote yakasema sera inalegezwa. Lakini mfumuko wa Oktoba ulikuwa umeshuka mpaka 2.7. Toa tena, 9.3. Yaani riba ya kwenye tangazo ilishuka pointi moja na riba halisi ikapanda pointi mbili na nusu. Alafu angalia mikopo kwa sekta binafsi, mwanzoni mwa 2024 ilikuwa inakua kwa tarakimu mbili, mwisho wa mwaka ikawa hasi. Wateja wa Dereva walikuwa wanalia kwa haki. Mfumuko ulishuka haraka kuliko kamati.

Milton Friedman alisema jambo hilihili kuhusu Japani miaka ya tisini, kwamba riba ya chini mara nyingi ni dalili kuwa pesa IMEKUWA imebanwa, na riba ya juu ni dalili kuwa imekuwa imeachiwa. Ndo maana #2 hapo juu haisimami.

#11 Dereva wa Namanga
Nimeipata kwa lugha yangu. Mguu kwenye breki unaweza kuwa vilevile, ila kama mteremko umeisha na umefika tambarare, breki ileile inasimamisha lori. Unaangalia mteremko, mguu peke yake haukwambii.

#12 Duka la Fedha Sakina
Wakuu mi nabishana na #10 kidogo, hesabu ni sahihi lakini sababu ina walakini. Shilingi ya Kenya mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kama 160 kwa dola, baada ya kulipa ile Yurobondi ikarudi mpaka 129. Sehemu ya mikopo ya Kenya ni ya dola. Shilingi ikipata nguvu, mkopo wa dola uleule ukiandikwa kwa shilingi unakuwa mdogo, bila mtu kukataliwa mkopo hata mmoja. Kwahiyo ile hasi sio yote ya riba. Na mfumuko wenyewe ulishuka kwa sababu ya shilingi hiyohiyo, mafuta yakawa rahisi. Unaweza kusimulia hadithi yote ya 2024 kwa dola tu bila kutaja riba asilia.

#13 Mtakwimu Usa River
Naongeza lingine. Mchambuzi mwenyewe #4 alisema tutumie mfumuko unaotegemewa, alafu #10 katumia uliopita. Lengo la CBK ni 5, na nafasi ya 2.5 juu na chini. Tuseme wafanyabiashara waliiamini 5 muda wote. Februari 13 toa 5 ni 8, Oktoba 12 toa 5 ni 7. Hapo sera IMELEGEA kwa pointi moja. Data ileile, nchi ileile, miezi ileile, jibu limegeuka. Kwahiyo ubishi wote unategemea nani alitegemea nini, na hicho hakuna anayekiona.

#14 Mchambuzi wa Shanty
Mtakwimu hoja yako ni nzito, na sina cha kuivunja kwa hesabu. Ninachoweza kusema, mwenye duka Nairobi mwaka ule hakuwa anapandisha bei kwa 5, alikuwa hapandishi kabisa mauzo yakiwa hivyo. Kwake mkopo ulikuwa mzito kuliko lengo la CBK linavyoonesha. Na ya Sakina kuhusu dola nakubali ni sehemu, ila hata ukiondoa mikopo ya dola, mikopo ya shilingi nayo ilipungua kasi sana.

#15 Mama Nondo
Jamani mmenipeleka Nairobi, nirudisheni Njiro. Hesabu ya hapa kwetu inakuwaje?

#16 Mtakwimu Usa River
Mama tujaribu. 5.75 toa mfumuko wa 3.3, unapata karibu 2.4. Hiyo ndo riba halisi ya sera. Sasa tukadirie r*.

Njia ya kwanza ni ya ukuaji. Watu wakitegemea kipato chao kesho kitakuwa kikubwa wanataka kukopa leo, kwahiyo nchi inayokua haraka riba yake ya asili iko juu. Uchumi wetu ulikua 5.5 mwaka 2024, idadi ya watu kwa sensa ya 2012 na 2022 imekuwa ikiongezeka 3.2 kwa mwaka, kwahiyo kila mtu anaongezeka kama 2.3. Weka na kama 1 hivi kwa sababu mtu anapendelea hela ya leo kuliko ya kesho. Unapata 3.3. Kwa njia hii BoT imelegeza kidogo, kama pointi moja.

Njia ya pili ni ya nje. Hati za Marekani za miaka 10 zinazolindwa dhidi ya mfumuko zimekuwa zikilipa kama 2. Sisi Fitch, wale wanaopima uwezo wa nchi kulipa madeni, wanatupa B+, mwekezaji anataka nyongeza juu ya hapo, tuseme 3. Unafika 5. Kwa hii BoT imelegeza sana.

#17 Afisa Mikopo
Mtakwimu hizo hesabu zote mbili zinatua mahali pasipo na mkopaji. Marekani benki inamkopesha mteja wake mzuri kwa riba ya Fed, benki kuu yao, ukijumlisha 3. Hapa kutoka CBR mpaka wastani wa mikopo kuna pointi 9 au 10. Kinachoamua Mama Nondo anaagiza tela la nondo au haagizi ni 17, na 17 toa mfumuko ni karibu 14 halisi. Pengo likiwa kubwa hivyo, ili mkopo wa mwisho uwe wa kawaida CBR lazima iwe chini zaidi ya hesabu ya ukuaji. Ukitoa hata pointi 2 tu kwa ajili ya pengo, 3.3 yako inakuwa 1.3 na BoT inakuwa imebana. Na njia ya pili kwetu haifanyi kazi vizuri, hela za nje haziingii na kutoka kwa uhuru kama Afrika Kusini, kwahiyo hakuna anayeisukuma riba yetu ifike hiyo 5.

#18 Duka la Fedha Sakina
Hela haziingii kwa uhuru lakini dola inazijua njia zote za Arusha. Katikati ya 2024 tulifika karibu 2,700. Kama sera ilikuwa imebana, ilikuwaje?

#19 Afisa Mikopo
Hiyo ni msimu pia, watalii na mazao vinaleta dola nusu ya pili ya mwaka. Usiweke kila kitu kwenye riba.

#20 Kijana wa Kijenge
Ngoja. Njia moja inasema imelegea kidogo, nyingine imelegea sana, ukirekebisha inasema imebana. Kama r* inaweza kuwa 1.3 au 5, hii kitu ina faida gani? Mnaangalia matokeo, alafu mnabuni r* inayolingana nayo. Mfumuko ukipanda mnasema "kumbe ilikuwa chini ya riba asilia".

#21 Mwalimu Mstaafu
Kijana leo umeamka. Swali zuri.

#22 Mchambuzi wa Shanty
Ni lawama ya haki, na wenye taaluma wanaijua. Fed yenyewe, makadirio ya kati ya wajumbe wake kuhusu riba ya muda mrefu yalikuwa kama 4.25 mwaka 2012, 2019 yakawa 2.5, Desemba 2024 yakapanda 3. Nchi yenye data nyingi kuliko zote, na wamehama namna hiyo. Modeli maarufu ya kukadiria r* ya Laubach na Williams ya 2003 na wadogo zake, Fed ya Niu Yoki iliacha kuchapisha makadirio yake mwishoni mwa 2020 kwa sababu korona iliivuruga hesabu, wakarudi 2023. Na 2023 hiyohiyo riba yao ilifika 5.25 hadi 5.50, wengi walitabiri mdororo, uchumi ukaendelea kukua. Wapo waliosema r* imepanda, wapo waliosema sera inachelewa tu kufika, wapo waliosema watu walikuwa wamefunga mikopo ya nyumba kwa riba ya zamani ya 3 kwa miaka 30 kwahiyo haikuwagusa. Mpaka leo wanabishana. Powell, mwenyekiti wa Fed wakati ule, kwa hilo alishasema riba hiyo inajulikana kwa matendo yake tu.

Ila Kijana, ukiitupa kabisa unarudi kwenye #2, kwamba 9 ni zaidi ya 5.75 basi. Hiyo ni mbaya zaidi. Mi naitumia kama swali tu, alafu naangalia matendo, mfumuko unaenda wapi ukiondoa chakula na nishati, mikopo inakua kwa kasi gani, soko la mabenki limekaa wapi kwenye uwanja wake. Kwetu mfumuko uko chini ndani ya lengo la 3 hadi 5 na haukimbii, na mikopo binafsi inakua tarakimu mbili. La kwanza linasema haijalegea mno, la pili linasema haijabana mno. Kwangu mimi ni karibu na katikati.

#23 Mtakwimu Usa River
Hapo kwenye mikopo ningekuwa mwangalifu. Mikopo ya sekta binafsi kwetu bado ni sehemu ndogo ya pato la taifa, nchi ya hivyo mikopo inakua kwa kasi hata sera ikibana, kwa sababu watu wapya wanaingia benki na mikopo chechefu imepungua sana tangu 2021, mabenki yamepata ujasiri. Ukuaji wa 15 Marekani ni moto, hapa inaweza kuwa kawaida.

#24 Mzee wa Kibosho
Na mfumuko wenu huo mnaosema haukimbii, mbona ni mahindi na ndizi? Mvua ikinyesha vizuri bei inashuka, BoT haijafanya kitu. Mwaka mvua ikigoma mtasema sera ililegea?

#25 Mchambuzi wa Shanty
Mzee ndo maana nimesema uondoe chakula. Ila kwa kweli chakula ni sehemu kubwa mno ya matumizi yetu, ukikiondoa unabaki na kikapu ambacho sio cha mtu wa Kibosho. Hilo nalo sina jibu lake zuri.

#26 Mama Nondo
Asanteni wote, nimepata kitu. Kwahiyo yule wa benki alikuwa anatumia hesabu ya ukuaji, na yule mhasibu alikuwa anaangalia 17 yangu. Afisa, kikao chao kinachofuata wakishusha tena robo, mkopo wangu utasogea?

#27 Afisa Mikopo
Wanakaa kila robo mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Robo pointi haitafika kwako mama. Soma mkataba wako kwanza, kama riba ni ya kudumu haisogei hata CBR ikiwa sifuri. Kama inabadilika, angalia mnada wa bondi kuliko kikao. Kuponi ikishuka mabenki ndo yanaanza kukutafuta wewe, na hapo nenda na hesabu za stoo yako za miezi 12 ukajadiliane. Wanaojadiliana wanapata chini ya wastani kwa pointi mbili hivi.

#28 Dereva wa Namanga
Mama Nondo na tela likifika toka Tanga usisahau dereva 😄 Mchambuzi, na Uganda mbona hamjaitaja, wao riba yao ni 9.75 na mfumuko ni kama wetu. Kwa hesabu ya #16 wamebana kuliko sisi kwa pointi nne, na uchumi wao unakua kuliko wetu. Hiyo mnaielezaje?